CV: Afisa Ruzuku na Uchangishaji, Mtwara

Naishi Mtwara mjini, miaka 33, jina kamili na namba ya simu viko kwenye barua niliyoambatanisha. Nazunguka Newala, Tandahimba, Masasi na upande wa Lindi hadi Kilwa, pikipiki naendesha mwenyewe na leseni ninayo.

Kwa kifupi, 2022 hadi 2024
Shilingi milioni 364.7 zilizoingia benki. Ruzuku ni milioni 323, kampeni za wananchi milioni 41.7. Ahadi ambazo hazikulipwa sijazihesabu hapa, maana ahadi hainunui simenti.

Kazi ya sasa
Afisa ruzuku na uchangishaji, asasi ya maji na afya ya mama, tangu Januari 2022. Tuko watu sita, kwahiyo andiko naandika mimi, bajeti nakaa na mhasibu, ripoti ya mfadhili naandika mimi tena.

Maandiko: nimetuma 26, yamepita 9, mawili bado hayajajibiwa. Ukipiga hesabu kwa yale 24 yenye majibu ni asilimia 37.5. Mwaka 2022 nilituma 7 likapita moja tu (milioni 28), 2023 nilituma 10 yakapita 4 (milioni 131), 2024 nilituma 9 yakapita 4 (milioni 164). Huo mwaka wa kwanza siufichi. Kuna andiko moja maelezo yalisema milioni 46.2 na jedwali la bajeti likasema 45.6, laki sita zimepotelea katikati na mfadhili akaliona kabla yangu. Toka siku hiyo hakuna andiko linalotoka bila mhasibu kujumlisha kwa kalkuleta mimi nikimsomea kwa sauti mstari kwa mstari, na naacha siku tatu kabla ya mwisho wa kupokea sababu mtandao ukigoma saa tano usiku hakuna wa kumlilia.

Ruzuku kubwa kuliko zote ni milioni 62, matangi ya kuvuna maji ya mvua kwenye shule za msingi juu ya uwanda wa Makonde, kule ambako kisima kirefu ni gharama na mama anaamka alfajiri kufuata maji bondeni. Ripoti zote tatu zilifika kwa wakati.

Kampeni
Aprili 2022, chakula cha jioni hotelini: lengo milioni 15, tulipata 4.1 kwa watu 58, na ukumbi na chakula vikala 2.3. Kosa langu kabisa, ilikuwa Ramadhani, na huku kwetu mwezi wa nne mkulima mfuko umeshakauka, hela ya korosho ilishaisha zamani.

Novemba na Desemba 2023, tangi la shule Newala: hapo nilijifunza, nikasubiri minada ya korosho ianze nikaenda kukaa na viongozi wa AMCOS ghalani. Lengo milioni 20, ahadi zilifika 31, zilizolipwa ni 23.4 kutoka kwa watu 167, gharama milioni 1.9. Kuna bibi alikataa kuandika shilingi, akaniambia mwanangu andika kilo ishirini, basi ikabidi niongeze safu ya kilo kwenye Excel na nikabadilisha kwa bei ya mnada wa siku hiyo. Malipo ya mnada yalipoingia alilipa bila kukumbushwa, na wengine 40 wakaiga hiyo ya kilo.

Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya na mvua zilizokata barabara ya Kilwa: siku 11, lengo milioni 10, tukapata 14.2 kwa watu 209, karibu zote kwa simu. Kila jioni saa mbili nilituma jumla ya siku kwenye magrupu ya WhatsApp, pamoja na tulichonunua. Kati ya hao 209, watu 71 walishachangia 2023.

Orodha yangu sasa ina wachangiaji 341, kila mtu kahesabiwa mara moja hata kama katoa mara tatu. Wengi ni elfu tano elfu kumi. Wanaotoa laki moja na zaidi ni 29, na hao nawapigia mwenyewe, meseji hazitoshi.

Kabla ya hapo
2018 hadi 2021: mwalimu wa jiografia sekondari, Nachingwea. Nilikuwa katibu wa kamati ya bweni la wasichana, tukachanga milioni 9 kwa wazazi. Ndo nilikoanzia.

Elimu
Shahada ya elimu, Stella Maris Mtwara, 2017.

Lugha na vifaa
Kiswahili, Kimakonde cha nyumbani, Kimwera cha kusalimia na kuomba maji, Kiingereza cha kuandika andiko zima bila kusaidiwa. Excel vizuri, KoboToolbox vizuri, picha za video hapana.

Wadhamini
Watatu wako kwenye barua. Mmojawapo ni yule mhasibu, muulizeni hata kuhusu zile laki sita.