Kazi Iliyo Tayari Kuingia Kwenye Sprinti: Makubaliano ya Timu ya Mfumo wa Mikopo ya SACCOS

Makubaliano haya yanahusu kila kazi inayotoka kwenye orodha ya kazi zinazosubiri na kuingia kwenye sprinti yetu ya wiki mbili. Mwongozo wa Skramu wa mwaka 2020 haututaki tuwe na orodha ya vigezo ya namna hii. Unasema tu kwamba kazi ambayo timu inaweza kuikamilisha ndani ya sprinti moja ndiyo iliyo tayari kuchaguliwa. Tumeiandika orodha hii kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe.

Katika sprinti ya sita tulipokea kazi iliyosomeka hivi: "Mfumo ukokotoe riba ya mkopo wa mwanachama." Hakuna aliyeuliza ni riba ya aina gani. Kwa mkopo wa shilingi 1,200,000 unaorejeshwa kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, hesabu inayotoza riba juu ya mkopo wote hadi mwisho hutoa riba ya shilingi 144,000, ilhali hesabu ya salio linalopungua, mwanachama akirejesha shilingi 100,000 za mkopo kila mwezi, hutoa shilingi 78,000. Mtayarishaji programu alichukua hesabu ya kwanza, mjaribuji akaandaa majaribio kwa hesabu ya pili, na afisa mikopo, ambaye sentensi moja yake ingemaliza suala hilo, alikuja kuulizwa siku ya tisa. Kwa mkopeshwaji, tofauti hiyo ya shilingi 66,000 si jambo dogo, na ndiyo maana tunalichukulia suala hili kwa uzito.

Kwa hiyo, kazi itahesabiwa kuwa tayari pale ambapo yeyote katika timu anaweza kuianza, na kutambua imekwisha, bila kumsubiri mtu aliye nje ya timu. Kabla ya kuihamishia kwenye safu ya "Tayari" ya ubao wetu, tutahakikisha yafuatayo:

- Anayehitaji kazi hiyo ametajwa kwa nafasi yake, yaani mwanachama, karani, afisa mikopo au mhasibu, pamoja na sababu ya kuihitaji. Neno "mtumiaji" peke yake halitoshi.

- Masharti ya kukubalika yameandikwa kwa mifano yenye tarakimu, na aliyeithibitisha ni mtu anayefanya shughuli hiyo kila siku. Pawepo angalau mfano mmoja wa mambo kwenda sawa na mmoja wa kukwama: mwanachama akilipa zaidi ya rejesho, akilipa mara mbili, au tarehe ya rejesho ikiangukia Jumapili, mfumo ufanye nini? Pale penye fedha, ielezwe pia namna senti zinavyokadiriwa. Kipengele hiki ndicho kizito kuliko vyote, na kikipungua, vingine haviwezi kukifidia.

- Kinachotegemewa kutoka nje kimekwisha kupatikana. Ahadi ya kampuni ya simu kwamba itatupa ruhusa ya mazingira ya majaribio "wiki ijayo" haihesabiki. Ruhusa iwe mkononi, na mmoja wetu awe ameijaribu.

- Maneno yatakayosomwa na mwanachama yameandikwa neno kwa neno. Kwenye menyu ya USSD, ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, hivyo maneno yahesabiwe mapema.

- Data za majaribio zipo, na ni za kubuni. Hatutachukua taarifa za wanachama halisi, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

- Timu nzima imeikadiria, na haizidi siku tatu za mtu mmoja. Ikizidi, igawanywe.

Hatudai kila kitu kiandikwe. Mpangilio wa majedwali, majina ya vitendakazi na njia ya kuandika programu vinabaki kwa anayeifanya kazi, na atakayevidai mapema atakuwa anaigeuza orodha hii kuwa kizuizi.

Uamuzi hufanyika katika kikao cha Jumatano cha kupitia orodha ya kazi zinazosubiri, mwenye bidhaa na mjaribuji wakiwepo wote wawili. Mmoja wao akisita, kazi inabaki inaposubiri, na kinachokosekana kinaandikwa juu ya kadi pamoja na jina la atakayekifuatilia.

Hitilafu inayowazuia wanachama kulipa au kutoa fedha itaingia mara moja bila kupitia vigezo hivi. Kazi ya uchunguzi itaingia ikiwa na swali moja lililoandikwa na ukomo wa siku mbili, kwa kuwa lengo lake ni kupata majibu ambayo bado hatuna.

Vigezo hivi vinaanza kutumika kwenye upangaji wa sprinti ya tisa, na kazi ambazo tayari ziko kwenye safu ya "Tayari" zitapitiwa upya kabla ya siku hiyo.