Saa za Mama

Ripoti yangu ya utafiti ilitakiwa iingie kwenye mfumo wa chuo Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi. Mfumo wenyewe uliandika 08:00, na dakika ikipita hapo kitufe cha kuwasilisha kinafifia, hakibonyezeki tena. Alhamisi usiku nilikuwa jikoni kwetu Uyole, laptopu juu ya stuli, miguu nimeisogeza karibu na jiko la mkaa. Ilikuwa Julai, na aliyewahi kulala Mbeya mwezi huo anaijua ile baridi inayopita chini ya mlango.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Jedwali moja la sura ya nne lilitaka kurekebishwa, basi. Ripoti nzima ilikuwa kwenye hifadhi ya mtandaoni inayoendeshwa na barua pepe ya chuo, kwa sababu msimamizi wangu alipenda kuandika maoni yake humohumo, pembeni ya aya.

Ukatokea ujumbe kwamba nywila yangu inaisha muda usiku huo, niibadilishe. Nikabadilisha. Mfumo ukanitoa kila mahali nilipokuwa nimeingia, ukanitaka niingie upya: nywila mpya, kisha zile namba sita za kwenye simu.

Simu ilikuwa kwa mama tangu Jumatatu. Kitochi chake kilikuwa kimekufa tundu la chaji, naye hawezi kukaa bila simu; wateja wake wa viazi humpigia kuanzia alfajiri. Mimi nilikuwa nyumbani naandika, sikuihitaji sana. Nikaifuata chumbani kwake polepole, nikaichomoa chini ya mto. Kioo kiliwaka: 3:40. Saa tatu na dakika arobaini usiku. Muda upo, nikajiambia, saa nne nitakuwa nimelala.

Nikafungua programu ya namba, nikaziandika sita zilizokuwepo. Zikakataliwa.

Nikangoja zibadilike, maana hubadilika kila baada ya sekunde thelathini. Nikaandika mpya upesi kabla kale kaduara hakajaisha. Zikakataliwa. Nikaandika tena nikizitamka kwa sauti, moja moja, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Zikakataliwa. Sikumbuki nilijaribu mara ngapi. Mwisho likaja bango jekundu: akaunti imezuiwa kwa muda, jaribu tena baadaye.

Mikono ilianza kutetemeka, na haikuwa baridi.

Mwaka wa kwanza walitupa namba za akiba, kumi, za kutumia siku simu ikipotea. Walisisitiza tuziandike kwenye karatasi. Mimi nilizipiga picha, na picha nikaihifadhi kwenye akaunti ileile ambayo sasa ilikuwa imefungwa. Niliikumbuka ile picha jinsi ilivyo, hadi kivuli cha kidole changu kwenye kona, lakini namba hata moja sikuikumbuka.

Namba ya kitengo cha TEHAMA cha chuo iliita hadi ikakatika. Kwenye ukurasa wao wameandika saa za kazi, kuanzia saa mbili asubuhi. Dakika ileile dirisha la kuwasilisha linapofungwa, ndipo mlango wa watu wa kunisaidia unapofunguliwa. Nilisoma mstari ule mara tatu. Nikampigia kiongozi wa darasa letu. Alikuwa amelala, akaniambia kwa upole kwamba mwaka jana kuna mwenzetu aliyetuma kwa barua pepe yake binafsi, kazi haikupokelewa, akarudia muhula. "Mwandikie msimamizi, Tumpe. Angalau ajue mapema."

Nikaandika meseji: "Shikamoo Daktari. Samahani kwa usiku huu. Nimefungiwa akaunti ya chuo na ripoti imo ndani." Nikaituma. Haikujibiwa, na sikutegemea ijibiwe. Mtu mzima saa tano usiku amelala.

Kwenye laptopu nilikuwa na nakala ya siku kumi na moja nyuma. Ilikuwa na sura tatu za kwanza. Ya nne, ile yenye kila kitu nilichokwenda kukitafuta Isongole, haikuwemo.

Nikatoa dodoso kwenye boksi. Zilikuwa sitini, za wakulima sitini, na nikaamua kuiandika sura upya hadi kuche. Hata nikifanikiwa kuingia dakika ya mwisho, niwe na cha kupakia.

Utafiti wangu ulihusu lumbesa. Nimekulia ndani ya lumbesa, ndiyo maana niliichagua. Mnunuzi anakuja na magunia yake, viazi vinajazwa hadi mdomo, kisha vinapandishwa kilima juu yake na kufungwa kwa wavu na kamba, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Nilikwenda na mzani. La kwanza nililolipima lilifika kilo 138, na mzee mwenye shamba alisimama akiutazama mshale kimya, halafu akauliza kama mzani wangu ni mzima. Nikasimama mimi juu yake, kisha yeye, tukahakikisha. Dodoso lake lilikuwa na alama ya kidole chenye udongo mweusi wa Rungwe, na pale kwenye swali la hasara kwa msimu alikuwa amesema niandike, "Sijawahi kuijua, leo ndiyo nimeiona."

Sentensi ile nilikuwa nimeiweka mwanzo wa sura ya nne. Nikaiweka tena. Nikaendelea na wa pili, wa tatu, nikihesabu kwa vijiti pembeni ya daftari. Kila nilipomaliza dodoso kumi nilijaribu kuingia, na kila mara namba zilikataliwa au bango lilirudi. Mkaa ukawa majivu. Malori ya Tunduma yalikuwa yakinguruma kwenye barabara kuu, moja baada ya jingine, na mbwa wa jirani aliyabwekea yote. Nilipofika dodoso la thelathini na sita nilikuwa nalia bila sauti, nikifuta machozi kwa mkono wa sweta yasidondokee karatasi.

Mama aliamka kama kawaida yake kuwahi soko. Alikuja na kanga mabegani, akanikuta hivyo.

"Hujalala, mwanangu?"

"Bado, mama."

Hakuuliza zaidi. Alichochea majivu, akaongeza mkaa, akabandika maji. Kisha akaichukua simu pale kwenye stuli, akaisogeza machoni.

"Saa kumi na robo. Bajaji anakuja saa kumi na moja. Nikupashie chai?"

Niliitikia, na macho yakaenda yenyewe kwenye kona ya laptopu kutazama umebaki muda gani. Palikuwa na 4:15.

Saa kumi na robo ya alfajiri, na nne na robo ya Kizungu: ni wakati uleule mmoja. Toka utotoni nimezibadilisha saa hizo kichwani bila kufikiri. Ndivyo tunavyoishi sote. Ila simu haipaswi kuzijua saa zetu. Simu yangu ilitakiwa iandike 4:15 kama laptopu.

"Mama, naomba simu."

Kioo kiliandika 10:15. Chini yake tarehe ilikuwa bado ya Alhamisi.

"Nani amebadilisha saa ya hii simu?"

Mama alisita, akadhani nimekasirika. "Ni Ambakisye. Nilimwambia mimi. Hizo saa zenu zinanichanganya, Tumpe. Jumatatu nimeona tisa, nikajua mchana umekwisha, kumbe ni saa tatu asubuhi, nikafunga meza mapema. Nikamwambia mdogo wako aniwekee saa za kwetu. Nimekuharibia?"

Siku ya kwanza chuoni, kijana wa TEHAMA alitueleza jinsi zile namba zinavyofanya kazi. Alisema simu haitumiwi chochote na chuo. Ndiyo maana namba zinakuja hata bila bando. Simu ina siri moja iliyopewa siku ya kwanza, chuo nacho kinayo siri hiyohiyo, na kila mmoja anaichanganya na saa aliyonayo kupata namba sita. Saa zikilingana, namba zinalingana. Aliinua mkono na kutuonyesha saa yake ya mkononi. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikazungumza na jirani yangu.

Simu yangu ilikuwa imenipa namba sahihi usiku kucha. Zilikuwa za masaa sita yaliyopita.

Niliingia kwenye mipangilio, tarehe na saa, nikawasha kile kitufe cha kuchukua saa ya mtandao. 10:17 ikaruka ikawa 4:17, na Alhamisi ikawa Ijumaa. Nikakumbuka bango jekundu, nikaogopa kugusa. Nilikuwa nimejaribu mara ya mwisho saa tisa kasoro. Nikajilazimisha kusubiri hadi 4:30, mama amesimama nyuma yangu na kikombe, haelewi ila hasogei.

Nywila. Kisha namba sita. Vidole vilikuwa vizito, nikaachia seti moja ipite ili nipate yenye sekunde zote thelathini.

Nikaingia.

Sura ya nne ilikuwepo, na sentensi ya mzee juu kabisa, na pembeni yake maoni ya msimamizi ya wiki iliyopita: "Nzuri. Iache kama ilivyo." Nilirekebisha lile jedwali, nikapakua, nikapakia kwenye mfumo, nikabonyeza. Risiti ilikuja saa kumi na dakika hamsini na mbili. Niliipiga picha kwa simu, halafu nikakaa chini sakafuni na mama akanipa chai mkononi, akanifunika kanga yake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Hukuniharibia."

Alinyamaza kidogo, akaitazama simu.

"Sasa mimi leo nitajuaje saa?"

Dodoso nilikuwa nimebakiza moja tupu. Nikaligeuza upande usio na maandishi, nikakata kipande sawa na mgongo wa simu, nikaandika kwa kalamu nene safu mbili: 7 ni 1, 8 ni 2, 9 ni 3, hadi mwisho. Nikakiweka ndani ya kava, maandishi yakionekana. Zile namba za akiba nilizinakili nyuma ya kitabu changu cha nyimbo za kanisani, kumi zote, kabla sijafanya kitu kingine.

Honi ya bajaji ililia nje. Mama alikitazama kile kipande, akaigeuza simu, akaigeuza tena, midomo ikihesabu.

"Tano ni kumi na moja," alisema, akabeba debe lake la kwanza, akatoka.

Nilibeba la pili.