Maoni yangu kuhusu mchoro wa kiti chako

Mpwa wangu,

Mchoro nimeupata, nikaubandika ukutani hapa karakana, Ngong Road, siku tatu. Wateja wawili wameuliza bei. Kwa hiyo macho umeyashika. Ule mpindo wa ubao wa juu wa egemeo usiuguse, ni mzuri.

Lakini umesema viti sita ni vya mkahawa, na kiti cha mkahawa hukaliwa na kila aina ya mtu kutwa nzima. Nimekipima kwa jicho hilo.

Umeandika kikalio kiwe milimita 480 kutoka sakafuni. Nilidhani ni pamoja na sponji, kumbe 480 ni ya ubao na sponji ya 50 inakuja juu yake! Nilipanga mbao juu ya stuli hadi 480 kamili, bila sponji, nikamwomba mama anayetuletea chai akalie. Visigino vikaning'inia. Akacheka, akasema hiki ni cha askari wa getini. Shusha ubao hadi 420. Sponji ikishabonyea utabaki karibu na 445, na meza ya 750 itamfaa mlaji. Kina cha 500 nacho kimezidi. Mtu mfupi akitaka kufikia egemeo, ukingo utamkata nyuma ya magoti. Weka 420.

Umbo: miguu ya 25 chini ya kikalio kinene hivyo inaonekana kama njiti za kibiriti zimebeba mkate. Na urefu wa 1100 ni wa kiti cha mzee wa kanisa. Ukiteremka hadi 870 na mguu ukawa 45 juu, ukichongoka hadi 30 chini, kitatulia chenyewe.

Sasa mguu wa nyuma, hapa ndipo nilipokaa sana na penseli. Umechora egemeo likilala nyuma milimita 200, na chini ya kikalio mguu umesimama wima. Maana yake kichwa cha kiti kimepita kisigino chake kwa sentimita 20. Jamaa mzito akishiba akajinyoosha, kiti kinamfuata chali. Punguza mlalo hadi nyuzi 10 hivi, yaani kama 80 pale juu, kisha vuta kisigino nyuma 50 au 60. Faida nyingine ni ya mbao: mguu wako ulihitaji ubao wa inchi 10, huu mpya unatoka kwenye 6 kwa 2. Pia nyuzi za mbao hazikatwi sana pale kwenye kona. Nyuzi zikikatwa fupi, mguu hupasuka hapo hapo, hata uwe mahogani.

Viungo umeandika "skurubu na gundi". Hapana. Kila mtu akiegemea, nguvu yote inakwenda pale ukanda wa pembeni, ubao ulio chini ya kikalio, unapoingia mguu wa nyuma. Skurubu iliyoingia kwenye ncha ya ubao, ikifuata nyuzi, haina cha kung'ang'ania. Hulegea kidogo kidogo, na kiti kinaanza kulia. Viti vya hivyo huletwa kwangu kila mwezi, na tundu limekuwa kubwa hata skurubu mpya haishiki. Fanya ulimi na tundu. Ukanda uwe na upana wa 70, si 40 uliochora, na unene wa 22. Ulimi wa 8, uingie 30 ndani ya mguu. Kwenye kona ndani weka vipande vya pembetatu, hivyo ndivyo vifungwe kwa skurubu. Ukanda ukiwa mpana hivyo, mbao za kuunganisha miguu chini unaweza kutoziweka, jinsi ulivyotaka.

Je, fundi wa hapa ataweza? Wa Gikomba au mimi, ndiyo, ila si kama ulivyochora. Kikalio chako ni 450 mbele na 400 nyuma, kwa hiyo ukanda wa pembeni unaingia kwa mshazari wa nyuzi 3 na kitu. Hiyo tunaimudu. Tatizo ni miguu ya mbele uliyoitanua pande mbili kwa pamoja. Kimoja nitakichonga kwa patasi na uvumilivu, lakini sita vifanane? Kila tundu litakuwa na pembe yake na utalipia siku nyingi za kazi. Isimamishe wima. Mguu wa nyuma nitautengenezea kielelezo cha plaiwudi, yote 12 ikatwe kwa alama moja.

Kwa hiyo sita bado sikati. Chora upya ubavu wa kiti kwa ukubwa wake halisi kwenye hadibodi, uje nao Jumamosi asubuhi. Tutaunda kimoja cha saipresi kwanza, na mama wa chai atakikalia tena. Mama yako mwambie aje pia. Yeye ni mrefu.

Mjomba