Ombi la advansi ya nusu mshahara

6 Oktoba 2025

Mkurugenzi,
Karakana ya Ushonaji.

YAH: OMBI LA ADVANSI YA NUSU MSHAHARA KWA MATIBABU YA MAMA

Shikamoo mama.

Naomba unipatie nusu ya mshahara wangu wa mwezi mmoja kabla ya siku ya malipo, nami niirudishe kwa kukatwa kidogo kidogo kwa miezi 3. Ijumaa ulipopita chumba cha kukatia vitambaa nilitaka kukueleza, nikakuta wateja wamekuzunguka. Nikaona heri niandike, uisome ukiwa umetulia.

Mama yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia sasa linaona mwanga tu. Wiki mbili zilizopita alikuwa anamimina maji ya moto kwenye kikombe, akajimwagia mkononi. Kikombe kilikuwa pembeni kidogo, hakukiona. Mkono unapona, lakini tangu siku hiyo hataki kusogelea jiko, na mwanamke aliyetulea watoto watano sasa anakaa akisubiri kushikishwa sahani. Daktari ametuambia hakuna dawa ya matone itakayoondoa ukungu ule. Ni upasuaji: lenzi iliyofifia itolewe, iwekwe ya bandia. Wataanza na jicho la kulia, Alhamisi tarehe 16, na fedha yote inatakiwa iwe imelipwa ifikapo Jumatatu tarehe 13. Kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo, ila matone ya kutia jichoni yataendelea kwa wiki kadhaa, na hayo nimeshayaweka kwenye hesabu.

Ndugu tumechangishana, kila mmoja ametoa alichonacho, na sehemu kubwa imepatikana. Kilichopungua ndicho ninachokuomba, sijaongeza cha juu. Karatasi ya gharama kutoka hospitali nimeiambatisha, na risiti nitakuletea.

Huenda ukajiuliza akiba yangu iko wapi, maana mwaka jana nilikuambia naweka. Iliisha mwezi Julai. Nilimdhamini rafiki kwenye mkopo, akashindwa kulipa, nikalipa mimi. Nakwambia hili kwa sababu ningekuandikia habari ya ugonjwa peke yake, ningekuwa nimekuambia nusu ya ukweli. Mama angeugua tu, lakini kukutwa sina kitu kumetokana na uamuzi wangu mwenyewe. Sitamdhamini mtu tena.

Kuhusu kurudisha, najua advansi mara nyingi hukatwa yote mwisho wa mwezi uleule. Nimepiga hesabu usiku wa jana. Nikikatwa nusu kwa mkupuo, kitakachobaki kitaishia kwenye kodi ya nyumba na nauli, na kabla ya katikati ya mwezi nitakuwa nimerudi kwako tena au nimeangukia kwa wakopeshaji wa riba. Sitaki kufika huko. Kwa hiyo naomba ikatwe sehemu 1 kati ya 6 ya mshahara kila mwezi, mwisho wa Oktoba, Novemba na Desemba. Kwa makato hayo nitaishi kwa kubana lakini sitakopa. Naomba tuandikishane na kutia saini, na kila makato yaonekane kwenye hati yangu ya mshahara. Ikitokea nimeacha kazi kabla ya kumaliza, kinachobaki kikatwe kwenye malipo yangu ya mwisho.

Mwaka 2023 uliwahi kunipa advansi. Niliimaliza, ingawa mwezi wa pili nilikuomba usogeze makato mbele, ukakubali. Daftari la mhasibu lina kumbukumbu hiyo. Safari hii sitaomba kusogezewa.

Naomba pia ruhusa ya siku 2, tarehe 16 na 17, nimpeleke mama na kushinda naye kesho yake atakaporudishwa kuangaliwa. Oda ya sare inayotoka tarehe 20 haitakwama. Matundu na vifungo nitavimaliza Jumatano jioni hata kama ni kuchelewa kutoka, na mwenzangu wa mashine ya pili amekubali kupiga pasi na kukunja.

Kama mwezi huu karakana haina uwezo wa kutoa nusu, robo nayo itanisogeza, nitahangaikia iliyobaki kwa ndugu. Na kama haiwezekani kabisa, nitakuelewa. Nakuomba tu unijulishe kabla ya Ijumaa tarehe 10 kuisha, ili nipate muda wa kuongea na hospitali kuhusu tarehe.

Jambo hili naomba libaki kati yako, mimi na mhasibu. Wenzangu kule ndani wanajua mama anaumwa, habari ya fedha hawaijui.

Natanguliza shukrani zangu.

Wako katika kazi,

Zainabu
Fundi, mashine ya 4