Maji ya mvua kwa mabweni mawili: muhtasari wa kikao cha Jumanne, 7 Januari 2025

Kwa: Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, sekondari ya bweni ya wasichana, Bagamoyo
Nakala: Mkuu wa Shule, Mhasibu
Kutoka: Timu ya uvunaji maji, Dar es Salaam
Tarehe: Jumatano, 8 Januari 2025

Ndugu Mwenyekiti na wajumbe,

Asanteni kwa kutupokea jana na kwa kutupa nafasi ya kupanda juu ya paa kabla ya kikao. Karatasi hii ni kwa ajili ya wajumbe ambao hawakuwepo, na kwa yeyote atakayeulizwa na wazazi. Ina yale tu yanayohitajika ili mfanye uamuzi.

Tunachowaomba muamue

Jengeni tangi moja la lita 60,000 na muweke gata kwenye mabweni yote mawili, kwa shilingi 19,850,000. Tangi la pili lililopendekezwa kikaoni tunashauri lisubiri. Tukipata jibu kufikia Ijumaa, 17 Januari, tunaanza Jumatatu, 20 Januari, na tangi linakuwa tayari kupokea masika ya Machi. Jibu likichelewa hadi Februari, tangi litakosa mvua za mwanzo.

Hali ilivyo sasa

Kisima cha shule hakikauki, ila kina chumvi. Kipimo tulichochukua bombani kilionyesha miligramu 1,860 za chumvichumvi kwa lita. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yakizidi takriban 1,000 ladha yake huanza kuwashinda watu. Ndiyo maana wanafunzi wanaoga na kufua kwa maji ya kisima, lakini ya kunywa na kupikia yanaletwa na boza. Kwa daftari la Mhasibu, mwaka jana boza lilikuja mara 34, lita 10,000 kila safari kwa 150,000. Jumla ni shilingi 5,100,000.

Mvua haitachukua nafasi ya kisima. Kuoga, kufua na vyoo vibaki huko huko. Hesabu zote zilizo hapa ni za kunywa na kupikia tu: watu 260, lita 5 kwa kila mmoja kwa siku, yaani lita 1,300.

Kwa nini paa linatosha lakini tangi ndilo linaloamua

Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Mabweni mawili yana mita za mraba 540. Tukichukua mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka na kutoa sehemu ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka na kupotea, zinabaki lita 432,000. Kwa siku 270 ambazo wanafunzi wako shuleni, mahitaji ni lita 351,000. Hata mwaka wenye milimita 700 tu mtapata lita 302,400.

Shida ni kwamba mvua haiji kwa zamu. Milimita 139 tu zinatosha kulijaza tangi. Baada ya hapo yote yanayofuata yanamwagika. Halafu kuna Juni hadi Septemba. Ukiondoa likizo ya katikati ya mwaka, zinabaki kama siku 90 za kunywa bila mvua ya kutegemea. Tangi likiwa limejaa linawafikisha siku 46. Siku 44 zilizobaki ni maboza sita, sawa na shilingi 900,000.

Kwa hiyo tangi la kwanza linawaondolea safari 28 kwa mwaka, shilingi 4,200,000. Ukitoa 250,000 za usafi na matengenezo, gharama inarudi kwa takriban miaka mitano. Tangi la pili lingegharimu 14,650,000 ili kuondoa yale maboza sita tu: zaidi ya miaka kumi na sita kurudisha hela. Tunajua sisi ndio wajenzi na kwa kawaida mjenzi husukuma tangi la pili. Kwa hesabu hizi hatuwezi. Uwanja wa pembeni tutauacha wazi, na bomba la kuliunganisha litakuwepo, iwapo idadi ya wanafunzi itaongezeka.

Mchanganuo wa gharama (kodi imo)

Gata mita 120 pamoja na vishikio na ufundi: 3,360,000
Mabomba, machujio na mapipa ya maji ya kwanza: 1,240,000
Tangi la saruji na wavu wa chuma, kipenyo mita 6.2: 14,650,000
Kupima maji maabara na usimamizi: 600,000

Malipo ni kwa awamu: 7,940,000 kuanza kazi, 7,940,000 ukuta ukiisha, na 3,970,000 baada ya tangi kujazwa na kukaa siku saba bila kuvuja. Gharama hizi hazihusishi mabati sita ya bweni la mashariki yaliyotoboka kwa kutu. Fundi wa shule ayabadilishe kabla hatujafunga gata. Tawi la mwembe linaloinamia paa hilo pia likatwe, maana majani na kinyesi cha ndege ndivyo vitakavyowasumbua kuliko kutu.

Maswali ya jana

*Simtanki sita si rahisi zaidi?* Ukishaongeza misingi na viunganishi, bei inakaribiana. Tangi moja lina maungio machache ya kuvuja, na maji yake yanakaa baridi zaidi.

*Maji ya mvua yana usalama gani?* Yanapodondoka ni mazuri. Paa ndilo linaloyachafua. Kila bomba la kushuka litakuwa na pipa la lita 200 linalokamata maji ya kwanza yaliyosafisha bati. Likijaa, ndipo yanayofuata huingia tangini. Chini ya pipa kuna koki ndogo inayoachwa idondoshe, ili liwe tupu kabla ya mvua nyingine. Watu huifunga koki hiyo wakiona maji yanapotea, na hapo ndipo mfumo mzima huharibika. Tafadhali mtajeni mtu mmoja wa kuilinda. Hata hivyo, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, hatutaahidi vinginevyo. Sampuli ya kwanza tutaipeleka maabara sisi, na matokeo mtapewa ninyi moja kwa moja.

*Ndoo chafu?* Hakuna atakayechota kwa kufungua mfuniko. Kutakuwa na koki nne ukutani, na mfuniko utafungwa kwa kufuli, ufunguo ukae kwa matroni. Njia ya maji kufurika itawekewa wavu wa mbu.

Baada ya jibu lenu

Wiki ya kwanza ni msingi na gata, ya pili na ya tatu ni ukuta. Mbili za mwisho ni za kumwagilia saruji ili ikomae. Wakati huo itaonekana kama hakuna kazi, lakini wazazi waambiwe ni lazima. Tunahitaji kutoka kwenu maji ya kisima kwa ajili ya usafi wa vifaa tu (ya kuchanganyia saruji tutaleta wenyewe, kwa sababu ya chumvi), na chumba cha kuhifadhia mifuko isilowe.

Mkikubali, Mwenyekiti ajibu barua pepe hii kwa neno "tuendelee", na mkataba utafika siku inayofuata. Mkitaka kubadilisha idadi ya watu au lita kwa siku, Mhasibu atutumie tarakimu mpya nasi tutarudisha hesabu ndani ya siku mbili. Michoro na picha za paa zimeambatanishwa.

Wenu katika kazi,
Msimamizi wa mradi