Onyo kabla ya kikao: grafu ya madiko haimjui mvuvi

Assalaam aleikum wenzangu,

Jana baada ya isha nimeisoma rasimu ya ripoti yetu ya hesabu za wavuvi, na nimefuatilia mnavyoijadili. Mazungumzo yote yameegemea sentensi moja ya ukurasa wa tisa: "Takwimu zetu zinaonyesha kuwa wavuvi wa dago hutumia juya kuliko wenyeji." Naomba sentensi hiyo isifike kwenye kamati ya Jumamosi ikiwa hivyo ilivyo. Takwimu zetu hazionyeshi jambo hilo, wala hazina uwezo wa kulionyesha.

Tulichonacho ni hiki. Kwa kila diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kuanzia hapa Malindi mjini hadi Mambrui na Ngomeni, tuna hesabu mbili: katika kila wavuvi mia, wangapi ni wa dago, yaani wageni wanaopiga kambi kwa msimu, na katika kila mia hao hao, wangapi wanavuta juya, ule wavu mkubwa wa kukokotwa ufuoni. Kila diko likawa nukta kwenye grafu, na nukta zikapanda. Palipo na wageni wengi, majuya nayo ni mengi. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu unaanza tunapomchomoa mvuvi mmoja kutoka kwenye nukta na kumtwisha sifa ya nukta nzima.

Chukueni mfano wa kubuni, hesabu ya vidole tu. Diko la kwanza lina wavuvi 100: 40 wa dago, 60 wenyeji, na wanaovuta juya ni 30. Diko la pili lina 100 pia: 10 wa dago, 90 wenyeji, na wa juya ni 10. Kwenye grafu yetu, mstari unapanda vizuri kabisa. Sasa niambieni, wale 30 ni akina nani? Huenda wote ni wa dago, basi wageni watatu katika kila wanne wanavuta juya. Huenda wote ni wenyeji, basi nusu ya vijana wetu wanavuta juya na hakuna mgeni hata mmoja aliyeigusa kamba. Kwenye diko la pili ni vivyo hivyo: wale 10 wanaweza kuwa wageni wote waliopo, au asiwemo hata mmoja. Hesabu za jumla hazibadiliki, na mstari haubadiliki. Watafiti Duncan na Davis walionyesha mwaka 1953 kwamba jumla za aina hii hukupa mipaka tu, kwamba idadi haishuki chini ya hapa wala haipandi juu ya pale. Kwa wageni wa diko la kwanza mipaka ni kutoka sifuri hadi robo tatu, na kwa wa diko la pili ni kutoka sifuri hadi wote. Huo si ushahidi wa kumnyima mvuvi wa dago kibali.

Mwenzetu mmoja ameuliza kama haya ni ya vitabuni tu. Hapana, yamewahi kupimwa. Mwaka 1950 mwanasosholojia W. S. Robinson alichukua sensa ya Marekani ya 1930 na kuyalinganisha majimbo 48: asilimia ya watu waliozaliwa nchi za nje na asilimia ya wasiojua kusoma na kuandika. Uwiano kwa majimbo ulikuwa hasi, -0.53. Jimbo lenye wahamiaji wengi lilikuwa na wasiosoma wachache. Ukiishia hapo utasema wahamiaji ndio waliosoma zaidi. Alipowahesabu watu mmoja mmoja, uwiano ukageuka kuwa chanya, 0.12: kwa kweli wahamiaji ndio waliokuwa nyuma kidogo. Ishara yenyewe iligeuka! Sababu ni kwamba wahamiaji walikwenda kuishi kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma. Hawakuileta sifa ile. Waliikuta.

Hilo neno "waliikuta" ndilo linaloninyima usingizi. Mvuvi wa dago hafuniki macho akatia nanga popote. Anakwenda penye tajiri: mwenye barafu, mwenye gari, anayenunua hata samaki wadogo na kutoa pesa mkononi. Tajiri huyo huyo ndiye mara nyingi mwenye juya, na juya linataka watu wengi wa kukokota, wasio na chombo wala mshipi wao wenyewe. Kwa hiyo diko lenye tajiri linavuta wageni kwa mashua zao, na linavuta vijana wa mtaani kwenye kamba. Vitu viwili vinapanda pamoja kwa sababu ya kitu cha tatu, ambacho kwenye jedwali letu hakimo.

Nimewahi kuliona kwa macho. Asubuhi moja, maji yamepwa, nilisimama na fomu yangu wakati juya linavutwa ufuoni. Kamba mbili, watu wameegemea nyuma visigino vimezama mchangani, tafi na changu wa kiganja wakaanza kuruka kwenye kifuko cha wavu. Nikaandika: juya, moja. Nikahesabu vichwa, nikaandika. Mashua za dago zilikuwa zimelala pembeni na wenyewe wanashona jarife, nikawahesabu nao, nikaandika safu nyingine. Aliyeshika kamba ni nani, sikuuliza, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuandika. Fomu hiyo niliitunga mimi, kwa hiyo lawama hii naibeba mwenyewe.

Jina la kosa hili kwa wataalamu, ukilitafsiri neno kwa neno, ni kosa la kiikolojia, na ndiyo maana mzee wetu wa matumbawe alidhani tunaongelea mazingira. Halihusu mazingira. Ni kumsoma mtu kupitia kundi lake. Tumezoea kuambiwa samaki mmoja akioza wote wameoza. Hili ni kinyume chake, kunusa tenga kisha kumhukumu samaki uliyemchomoa. Hakuna mama wa sokoni anayenunua hivyo. Atafunua matamvua, moja moja, na hatakuharakishia.

Msinielewe vibaya, sisemi grafu itupwe. Kama kamati inauliza doria iende diko gani kwanza, au nyavu halali zigawiwe wapi, diko ndilo swali na grafu yetu inajibu. Wala sisemi wavuvi wa dago hawavuti juya. Huenda wanavuta, tena kuliko wote. Ninalosema ni kwamba hatujawauliza, na pendekezo namba nne, la kupunguza vibali vya dago, limejengwa juu ya jibu ambalo hatuna. Mnajua maneno yanavyosafiri hapa. Ikishasemwa kikaoni kwamba "utafiti umethibitisha", kabla ya adhuhuri kuna mtu atazuiwa kushusha samaki.

Napendekeza sentensi ya ukurasa wa tisa isomeke hivi: "Madiko yenye wavuvi wengi wa dago yana pia wavuvi wengi wanaofanya kazi ya juya. Hesabu hizi ni za madiko, na haziwezi kuonyesha kama ni wavuvi wa dago au wenyeji wanaotumia zana hiyo. Uwepo wa wanunuzi wakubwa huenda unaeleza yote mawili." Pendekezo namba nne liondolewe mpaka tupate hesabu ya mtu mmoja mmoja.

Fomu mpya iko tayari, ina safu tatu zaidi: anayevuta anatoka wapi, juya ni la nani, na samaki anauziwa nani. Alhamisi maji yatapwa asubuhi, nami nitakuwa dikoni tangu alfajiri. Nahitaji watu wawili, na mmoja awe anajulikana na manahodha wa dago, maana mimi nikitoa kalamu wanaanza kukunja tanga.