Ankara namba 0147: matengenezo ya friji mbili, mwisho wa malipo 17 Juni 2025

Dada Rehema, habari za kazi.

Nimeambatanisha ankara ya friji zako mbili za vinywaji. Kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza tunafanya kazi pamoja, masharti ya malipo nayaweka wazi mapema.

Jumla ni Sh 305,000. Vipuri (thermostati, feni ya kondensa na gesi ya R134a) ni Sh 185,000, na ufundi ni Sh 120,000. Nimevitenganisha makusudi, maana kodi ya zuio ya asilimia 5 inakatwa kwenye ufundi, si kwenye vipuri. Hiyo ni Sh 6,000, hivyo ukishaikata utanilipa Sh 299,000. Hizo 6,000 zinapelekwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi uliokata kuisha, kisha naomba unitumie cheti chake. Bila cheti siwezi kuzidai kwenye hesabu zangu, na nitalazimika kukuhesabia kama deni. VAT sijasajiliwa, usiongeze ile asilimia 18.

Ankara inalipwa ndani ya siku 14 kuanzia leo, tarehe 3. Siku ya mwisho ni Jumanne, tarehe 17. Ukiona mauzo hayajakaa vizuri, tunaweza kugawa mara mbili: nusu tarehe 17, nusu tarehe 30. Ila niambie kabla ya tarehe 17. Kuchelewa hakuna faini, lakini sitapokea kazi mpya hadi ya zamani iishe, hata friji ikizima usiku wa sikukuu. Najua hilo linauma kwa mtu wa vinywaji, ndiyo maana nalisema sasa.

Lipa kwa Lipa Namba au akaunti ya benki, zote zipo chini ya ankara. Kabla ya kuweka namba ya siri, hakikisha jina linalotokea ni lile lililo juu ya ankara. Tafadhali usitume kwenye simu yangu binafsi. Pesa za huko huchanganyika na za nyumbani, na kutafuta nani kalipa nini hula siku nzima. Kwa benki, andika "0147" kwenye maelezo. Ukituma Ijumaa jioni huenda ikaonekana Jumatatu, basi nipigie picha ya muamala.

Ukipata ujumbe kwamba namba ya malipo imebadilika, usilipe. Nipigie kwanza kwa namba hii unayoijua.

Ankara hii si risiti. Risiti ya EFD nitaitoa pesa ikiingia, kwa hiyo nitumie TIN ya duka mapema; risiti isiyo na TIN yako itakusumbua ukitaka kuingiza gharama hii kwenye hesabu.

Thermostati na feni zina dhamana ya miezi 3 kuanzia leo. Haihusu kuungua kwa umeme, hivyo friji isichomekwe tena bila fridge guard.

Ukiona tarakimu yoyote haiko sawa, niambie kabla ya Ijumaa nikurekebishie ankara.

Ahsante,
Juma, fundi friji